Kabla Nta Haijapanda Meli

Kabla hajawa Shangazi wa ofisi nzima, alikuwa mwanamke wa dirisha la tatu pale posta, dirisha la telegramu. Alikaa hapo miaka kumi na tisa akipunguza maneno ya watu. Telegramu ililipiwa kwa neno, lakini wateja walikuja na maneno kama vile yanaokotwa barabarani: salamu kwa wakubwa na wadogo, dua, shukrani, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka alichotumwa akiwa ameshafika mlangoni, "na mtoto amezaliwa." Yeye alichukua kalamu nyekundu akafyeka. Walimwita Mama Makasi, kwanza nyuma ya mgongo, baadaye usoni, naye aliitika.

Telegramu zilipokufa, posta ilimpa cheti, mkono wa kwaheri na saa ya ukutani isiyotembea. Akarudi nyumbani, na kwa kuwa hakuwa na telegramu za kufyeka, akaanza kufyeka hadithi za mume wake. Mzee wa watu akianza, "Basi siku hiyo nilipoamka, nikavaa viatu," mkewe anadakia, "Ulivaa viatu, tumejua, ukafika, nini kilitokea?" Baada ya miezi minane mzee alishindwa. Alikwenda kumwona mtoto wa kaka wa mkewe, aliyekuwa na kampuni, akamwambia ampe shangazi yake kazi yoyote, hata ya kuhesabu sisimizi, mradi tu atoke nyumbani saa mbili asubuhi.

Kampuni yenyewe iliuza nta ya nyuki nje ya nchi, na jina lake lilikuwa refu kuliko ofisi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na ghala nyuma. Kijana alijiita Mkurugenzi Mtendaji, ingawa watendaji walikuwa watatu tu: yeye, Shangazi, na mtunza ghala ambaye masikio yake yalifunguka pale tu chakula kilipotajwa. Mbele ya wageni Shangazi alimwita Mkurugenzi. Wageni wakitoka, alikuwa mwanangu, na siku mbaya alikuwa "wewe niliyekuogesha."

Kazi yake ilikuwa kuchapa barua za Mkurugenzi bila kuzigusa. Hilo lilikuwa sharti. Mkurugenzi alisoma chuo cha biashara mwaka mmoja na akatoka na imani kwamba sentensi ya kibiashara haipaswi kuisha kabla karatasi haijaisha. Barua zake zilianza kwa kumtakia mteja afya, zikapita kwa familia ya mteja, zikapumzika kidogo kwenye uhusiano mwema baina ya mataifa, na ukiwa na bahati ungekuta nta mahali fulani karibu na sahihi. Shangazi alichapa huku akiuma meno. Meno yalikuwa machache, kwa hiyo yaliumia zaidi.

Jumatatu moja asubuhi ikaingia barua pepe kutoka kwa mnunuzi waliyempa jina la Mama Mishumaa. Alikuwa na karakana yake ya mishumaa huko ng'ambo, kwenye nchi ya baridi ambako Kiingereza si lugha ya mtu, ni nguo ya kuazima, kama ilivyokuwa kwa wao wenyewe. Alikuwa ameagiza kilo elfu moja za nta, mara yake ya kwanza kununua kwao. Barua yake ilikuwa na mistari miwili. Nimelipa wiki sita zilizopita. Nta yangu iko wapi?

Mkurugenzi aliumia kama mtu aliyetukanwa msibani. Alitoa faili, akaweka mezani profoma, yaani ile ankara ya mwanzo ambayo muuzaji humtumia mnunuzi kabla ya biashara kufanyika, ili ajue bei na masharti na apange malipo yake. Profoma haikuwa na kosa kubwa. Kilo elfu moja, dola nane kila kilo, jumla dola elfu nane. Chini, kwenye kisanduku chenye herufi za ukubwa wa mayai ya chawa, iliandikwa kwamba asilimia thelathini ilipwe wakati wa kuagiza, sabini kabla ya kusafirisha, na bei ni FOB.

"Unaona?" akasema Mkurugenzi. "Kila kitu kipo."

Shangazi hakutazama kisanduku. Alivuta barua ya kusindikiza, ile iliyotangulia profoma, kwa sababu alijua binadamu husoma barua na kuacha visanduku. Alivaa miwani akapitisha kidole. Katika ukurasa wa pili akafika mahali Mkurugenzi alipoandika kwamba malipo ya awali yatawawezesha kuuhudumia mzigo wa mheshimiwa mteja hadi utakapomfikia, na mengineyo yatakamilishwa kwa maelewano kadiri mambo yatakavyokwenda.

"Mwanangu, hapa hujamwambia alipe kabla ya meli. Umemwambia akilipa kidogo, mzigo unafika, mengine mtaelewana."

"Nimeandika kwa heshima, Shangazi. Mtu huwezi kumkaba shingo barua ya kwanza."

"Basi sasa anakukaba yeye."

Ukweli ulikuwa huo. Mama Mishumaa alikuwa ametuma dola elfu mbili na mia nne, asilimia thelathini yake kamili, kisha akakaa kusubiri nta. Wao nao walikuwa wameweka nta ghalani magunia arobaini, wakakaa kusubiri asilimia sabini. Wiki sita watu waungwana walikuwa wamekaa pande mbili za bahari, kila mmoja akimwona mwenzake hana haya.

Mkurugenzi alikuwa na miadi mahali, na pia alikuwa na hasira, kwa hiyo akatamka maneno ambayo baadaye aliyajutia: haya, andika wewe.

Shangazi alikunja mikono ya gauni. Alifungua taarifa ya benki akaona kwamba zile elfu mbili na mia nne hazikufika zote. Zilifika elfu mbili mia tatu sitini na mbili. Dola thelathini na nane zilikuwa zimemegwa njiani na mabenki. Akatoa hesabu, akaandika barua fupi kuliko zote zilizowahi kutoka katika ofisi ile. Tumepokea dola 2,362. Bado dola 5,638. Lipa, tusafirishe. Akaituma, akaagiza chai, akajisikia yuko dirisha la tatu.

Jibu lilikuja siku ya pili, na safari hii Mama Mishumaa hakubana maneno. Alituma elfu mbili na mia nne, karatasi ya benki anayo, hizo elfu mbili mia tatu na ushei ni za nani? Profoma inasema salio ni elfu tano na mia sita, hii thelathini na nane imeota wapi? Akilipa, nta inaletwa mlangoni kwake au inatupwa bandarini? Na barua ijayo italeta kiasi gani kingine? Ana binamu anayefanya kazi benki, na binamu amemwambia matapeli huanza hivihivi: kidogo leo, kidogo kesho, na kila barua ina namba yake. Waeleze vizuri au warudishe pesa.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, na Shangazi aliona kabisa kwamba chini ya huzuni kulikuwa na furaha iliyojificha.

"Sentensi tatu, Shangazi," alisema. "Tatu tu, na zimetosha kutuita wezi."

Shangazi alikwenda dirishani akatazama chini karakanani. Aliyemjia akilini ni bwana mmoja wa zamani sana, aliyefika posta na mistari sita kuwajulisha wakwe zake msiba wa mama mkwe, aliyefia kwake. Mama Makasi alimfyekea ikabaki mama amefariki, maziko Ijumaa. Bwana akatazama bei, akauliza kama na Ijumaa inaweza kutoka. Ikatoka. Wakwe walikuja Jumapili, kaburi limeshakauka, na ngumi zilizopigwa pale zilisimuliwa miaka mingi. Siku zote alimcheka yule bwana kwa ubahili wake. Hakuwahi kujiuliza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Kuomba radhi hakukuwa fani yake. Alichofanya ni kuvuta simu akapiga benki, akamsumbua karani wa huko mpaka akamweleza jinsi pesa inavyosafiri. Karani alisema anayetuma huchagua kwenye fomu: gharama zote alipe yeye, au wagawane na mpokeaji, au zote zimwangukie mpokeaji. Asipochagua kulipa zote, mabenki ya njiani hujimegea, na kinachofika si kilichotumwa. Shangazi akauliza kama muuzaji hakusema lolote kuhusu hizo gharama, kosa ni la nani. Karani alicheka akasema hilo si swali la kibenki.

"Basi hizo thelathini na nane ni zetu," Shangazi alimwambia Mkurugenzi. "Hatukumwambia mapema. Tunazimeza."

"Dola thelathini na nane!"

"Zimeze na maji. Profoma inasema elfu tano na mia sita. Tukimwandikia namba nyingine yoyote, binamu yake wa benki anawapigia polisi. Namba ibaki ileile, ila safari hii achague kulipa gharama zote huko kwake, ifike nzima."

Mkurugenzi alimeza, ingawa kwa taabu. Kisha Shangazi akauliza swali jingine, la kawaida kabisa: wakala wa meli wa Mama Mishumaa ni nani? Mkurugenzi akatazama dari. Kwa bei ile ya FOB, kazi ya muuzaji inaishia pale mzigo unapokuwa juu ya meli. Kuufikisha bandarini, kupata cheti cha daktari wa mifugo, kwa kuwa nyuki nao huhesabiwa mifugo, karatasi za kutoka nchini, hayo yote yalikuwa ndani ya dola nane. Lakini nauli ya meli na bima vilikuwa juu ya mnunuzi, na mnunuzi ndiye alipaswa kutafuta wakala wa kushika nafasi melini. Hakuna aliyemwuliza. Hata angelipa yote siku ya kwanza, magunia yangekaa ghalani yakisubiri meli isiyoitwa.

"Nilidhani anajua," alisema Mkurugenzi. "FOB inajulikana dunia nzima."

Shangazi alitumia mchana kutwa kuandika. Alipomaliza alikuwa na ukurasa mmoja, akaona unapendeza, na kwa kuwa ile fupi nayo ilimpendeza, hakuyaamini tena macho yake. Akashuka nayo ngazi hadi kwa fundi wa kuchomelea, aliyeitwa Cheche kwa sababu zinazoonekana kwenye mashati yake. Cheche alifika shule ya sekondari, na Kiingereza chake kilikuwa kimebaki kama unga chini ya debe, ukikwangua unapata. Ndicho alichokitaka Shangazi.

"Wewe ndiye mnunuzi," alimwambia. "Soma, kisha niambie unalipa nini, lini, kwa nani."

Cheche alipandisha barakoa ya chuma kichwani, akasoma midomo ikicheza.

"Nalipa elfu nane."

"Kwa nini elfu nane?"

"Si imeandikwa hapa juu?"

Kweli, Shangazi alikuwa ameanza na jumla ya bei, kwa utaratibu. Msomaji alikuwa ameokota namba ya kwanza akaondoka nayo. Shangazi akapanda ngazi. Akashuka tena na barua ambayo namba ya kwanza ilikuwa elfu tano na mia sita. Cheche akasoma.

"Elfu tano na mia sita nawalipa nyinyi, kabla mzigo haujatoka. Sawa. Halafu huyu Fobu naye namlipa ngapi?"

"Fobu nani?"

"Huyu hapa. Bei yake. Ni ndugu yenu?"

Mtunza ghala, aliyekuwa amejileta kusikiliza, alicheka mpaka akashika ukuta. Shangazi hakucheka. Alipanda akaziacha zile herufi tatu kwenye profoma zilikozaliwa, na katika barua akaandika maana yake kwa maneno ya kawaida. Aliposhuka mara ya tatu, Cheche alijibu yote sawasawa: analipa nini kwao, nini kwa wakala wake, nini hakitakiwi sasa. Kisha akamrudishia karatasi akakuna kidevu.

"Lakini mimi nisingelipa."

"Kwa nini tena?"

"Nitajuaje si matapeli? Nimeshawapa pesa. Sijaona hata gunia."

Shangazi akamwamuru mtunza ghala apange magunia arobaini, abandike jina la karakana ya mishumaa, na apige picha gunia likiwa juu ya mizani, namba zionekane. Mtunza ghala aliuliza yote arobaini? Akaambiwa yote arobaini yapangwe, moja lipigwe picha kwenye mizani, na kama ana swali jingine, chakula hakuna.

Barua iliyopanda kwa Mkurugenzi jioni ile ilisema hivi, kwa Kiingereza chepesi ambacho hakikumzidi Cheche:

Kilichobaki kutulipa ni dola 5,600. Tunaomba zifike kabla mzigo haujatoka ghalani kwetu. Malipo yako ya kwanza, dola 2,400, tumeyahesabu yote. Barua yetu iliyopita ilitaja namba nyingine, na hilo lilikuwa kosa letu. Kiasi hiki ni kilekile kilicho kwenye profoma, na hatutakuomba malipo mengine kwa mzigo huu. Unapotuma, iambie benki yako kwamba gharama zote za kutuma unalipa wewe, ili dola 5,600 zifike kamili.

Bei yetu inafika mpaka nta iwe ndani ya meli. Haina nauli ya meli wala bima. Hizo utamlipa wakala wako wa meli unayemchagua mwenyewe, si sisi. Tafadhali tutumie jina lake, ili tupatane naye siku ya kupakia. Ushuru na gharama za bandari ya kwenu pia hazimo.

Pesa ikifika na wakala akiwa na nafasi melini, tunapeleka mzigo bandarini ndani ya siku saba, na tutakutumia hati za kuchukulia mzigo ukishapakiwa. Picha za magunia yako ziko hapa. Namba ya akaunti yetu ni ileile uliyotumia mwanzo. Haitabadilika. Ukipata barua yenye akaunti nyingine, usilipe, tupigie simu kwa namba iliyo kwenye profoma.

Pamoja nayo ilikuwapo profoma iliyorekebishwa, kwa sababu muda wa bei ya zamani ulikuwa umepita: namba ileile, kiasi kilekile, tarehe mpya ya mwisho, na mstari mmoja ulioongezwa kuhusu gharama za benki.

Mkurugenzi alisoma mpaka mwisho, akageuza karatasi kuangalia kama kuna zaidi.

"Haina heshima," alisema.

"Ipi haina? Hiyo inayokiri kosa?"

"Haijamtakia hata afya. Shangazi, jina langu ndilo linalotiwa sahihi hapa."

Walibishana kwa muda mrefu kuhusu afya ya Mama Mishumaa. Mkurugenzi alianza na aya nzima, akashuka hadi sentensi tatu, kama anayeuza koti sokoni. Shangazi akampa sentensi moja, iwe juu kabisa, isizidi mstari: Tunatumaini hujambo, na pole kwa kusubiri. Mkurugenzi alisema pole si lugha ya kibiashara. Shangazi akasema mwanamke amekaa wiki sita bila nta, kama hiyo si pole basi pole ni nini. Mkurugenzi akatia sahihi, kubwa, yenye mikia miwili.

Siku tatu hazikuleta kitu. Mkurugenzi alianza kuandika barua ya kuulizia, akafika ukurasa wa pili. Siku ya nne simu ikalia, Shangazi akaipokea, na sauti ya mwanamke ikauliza polepole, kwa Kiingereza kinachopiga hatua moja moja, kama anaongea na kampuni ya nta. Alikuwa amepiga namba ya kwenye profoma. Alikuwa ameshika barua, akaanza kuisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na baada ya kila mstari akasema anachoelewa. Shangazi akawa anajibu ndiyo, ndiyo. Walifika mwisho bila kuteleza.

"Ile fupi aliandika nani?" akauliza Mama Mishumaa.

"Mimi."

"Na hii?"

"Mimi pia."

Karatasi zikasikika zikigeuzwa upande wa pili.

"Ile ilinitisha. Hii naweza kumwonyesha binamu yangu."

Shangazi alikuwa na neno la kibiashara tayari, akaliacha. Akasema pole, kwa Kiswahili, kisha akatafuta ya Kiingereza. Neno hilo lilikuwa limemsumbua tangu siku ile aliyosimama dirishani akamkumbuka bwana wa telegramu, na kulisema kwa mtu asiyemjua, kwa simu, kulikuwa rahisi kuliko kulisema mbele ya Mkurugenzi, mtoto aliyemwogesha mwenyewe.

Wiki iliyofuata zilifika dola elfu tano na mia sita, hazikupungua hata moja. Mkurugenzi alizitazama kwenye taarifa ya benki mara mbili. Jina la wakala lilikuja, wakala akapata nafasi, na Alhamisi saa nne lori likarudi nyuma hadi mlango wa ghala. Mkurugenzi alivaa koti, akasimama kwenye ngazi ya chini kuwahutubia wapakiaji juu ya thamani ya mzigo huu kwa uchumi na kwa uhusiano baina ya mataifa. Wapakiaji walimzunguka kwa ustadi, gunia begani, kama wanavyozunguka nguzo. Shangazi alisimama mlangoni na orodha, akiweka alama. Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini.

Lori lilipoondoka, Cheche alikuja akifuta mikono akadai ujira wake wa kusoma barua mara tatu. Alitaka nta kidogo ya kupaka bawaba za milango aliyochomelea, inalia sana, wateja wanalalamika. Shangazi aliokota kipande kilichodondoka sakafuni, kikubwa kama kisigino, akampa. Cheche akakipima kiganjani, akasema kwa masomo aliyofanya hicho ni kidogo.

"Milango yako mingapi inalia?" aliuliza Shangazi.

"Yote."

Akainama kutafuta kipande kingine.